Siku Sita za Karama: Taharuki na Ukweli wa Kisheria katika Kesi ya Kusadikika

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, makala haya yalizaliwa na swali la mwanafunzi. Tulikuwa tukiisoma Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, katika chama cha Kiswahili cha shule yetu hapa Butula. Tulikuwa tumefika pale ambapo Karama, akiwa mshtakiwa mbele ya mfalme, anaomba ajitetee kwa muda wa siku sita na ombi lake linakubaliwa. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye kwa kawaida huketi nyuma na kunyamaza, akainua mkono.

"Mwalimu, Karama alipewa siku sita. Baba yangu hata dakika sita hakupewa. Alipoanza kueleza, aliambiwa ajibu alichoulizwa. Huyu mwandishi aliwahi kufika kortini kweli?"

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba babake alikuwa amekamatwa na mizigo ya sukari juu ya baiskeli, imevushwa kutoka upande wa pili wa mpaka. Hilo si jambo geni kwetu sisi tulio karibu na Busia na Malaba. Sikumuuliza alihukumiwa katika mahakama gani wala alipewa adhabu gani. Nilichojua ni kwamba nilikuwa nimefundisha riwaya hii mara kadhaa, na kila mara niliandika ubaoni kwamba kesi ya Karama inajenga taharuki, bila kujiuliza kama kesi yenyewe inasadikika.

Ninakualika tulijibu swali hilo pamoja. Tutatazama kwanza kesi inavyoendeshwa ndani ya riwaya, kisha jinsi inavyojenga taharuki, halafu tuipime kwa mizani ya sheria. Msimamo wangu nitautaja mapema ili uweze kunipinga tukiendelea: mambo mengi katika kesi hii yanayoonekana kuwa makosa ya kisheria ni ya kweli kabisa, na jambo moja ambalo wengi wetu hulipita bila kulitilia shaka ndilo lisilo la kweli. Jambo hilo ndilo lililobeba taharuki yote.

Kesi Inavyoendeshwa

Kwa ajili ya msomaji ambaye hajaifungua riwaya hii kwa muda mrefu, nitaikumbusha kwa ufupi. Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, inahusu nchi ya kubuni inayoelea angani. Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria miongoni mwa watu wa nchi hiyo. Anayemshtaki ni Majivuno, waziri mwenye sauti kubwa barazani. Mbinu ya majazi imetumika waziwazi, kwani jina la kila mmoja linatuambia tabia yake kabla hajafungua kinywa.

Majivuno anatoa hotuba ndefu ya kumlaani mshtakiwa. Hasemi Karama amemdhuru nani. Anasema mafunzo yake yataivuruga nchi. Hotuba ikiisha, Karama hakani kwamba alifundisha. Anaomba siku sita, na katika kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja wa zamani. Wajumbe hao ni sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Walitumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, ili walete maarifa ya kuwafaa Wasadikika. Kila mmoja alirudi baada ya taabu nyingi akiwa na mambo ya manufaa, na kila mmoja alilipwa kifungo. Mwishoni mfalme anamwachilia Karama, na wajumbe waliokuwa gerezani nao wanafunguliwa.

Kwa hiyo tuna hadithi ndani ya hadithi. Kesi ni fremu, na masimulizi sita yamo ndani ya fremu hiyo. Wanafunzi wetu huziona hadithi sita na kuisahau fremu. Mimi naomba leo tuitazame fremu.

Taharuki Inajengwaje?

Mwanafunzi akiulizwa kuhusu taharuki, huandika kwamba mwandishi "ametumia taharuki ili kumfanya msomaji atake kuendelea kusoma". Jibu hilo halina kosa lakini pia halina kitu. Mimi huwadai mambo matatu: nani anasubiri, anasubiri nini, na ni kitu gani kinachelewesha. Tuyajaribu maswali hayo katika kesi ya Karama.

Kwa kawaida taharuki ya kesi hutokana na ukweli uliofichwa. Tunasubiri kujua nani aliua, shahidi atasema nini, barua iliyopotea itapatikana au la. Katika Kusadikika hakuna ukweli uliofichwa hata mmoja. Kitendo kinajulikana, mtendaji anajulikana, naye hakani. Kwa hiyo msomaji hasubiri kujua kilichotokea. Anachosubiri ni kuona moyo wa mtu mmoja, yaani mfalme, utaelekea upande gani. Kinachochelewesha ni yale masimulizi sita.

Wako wanaomlinganisha Karama na yule binti wa Alfu Lela Ulela anayesimulia ili asiuawe. Ulinganisho huo unafaa, lakini tusiufuate kwa upofu. Binti yule huikata hadithi alfajiri ikiwa katikati, na mfalme humwacha hai kwa sababu anataka kujua mwisho wake. Karama haikati hadithi. Kila siku anaimaliza, na mwisho wake ni uleule: mjumbe anatiwa gerezani. Taharuki ya Alfu Lela Ulela iko ndani ya hadithi inayosimuliwa. Taharuki ya Kusadikika iko nje ya hadithi, barazani, katika nyuso za wanaosikiliza. Kila kifungo kinaposimuliwa, msomaji anajiuliza kama mfalme amejitambua katika kioo anachoonyeshwa, au kama atakasirika na kukivunja.

Hapa ndipo ulipo ustadi wa kesi hii, na hapo hapo ndipo ulipo udhaifu wake. Katika siku ya kwanza na ya pili, kifungo cha mjumbe kinatuuma kwa sababu hatukukitarajia. Kufikia siku ya nne tunakijua kabla hakijafika. Wanafunzi wangu huanza kurukaruka kurasa papo hapo, na siwalaumu. Msuko unajirudia, na anayetafuta mshangao ataona usingizi unamjia. Lakini ukimwelekeza mwanafunzi ahame kutoka swali la "mjumbe atafanywa nini?" hadi swali la "Majivuno atavumilia mpaka lini?", kujirudia huko kunapata kazi mpya. Mashtaka ya waziri yalitolewa siku moja. Majibu yanaongezeka siku baada ya siku kama maji nyuma ya ukuta. Hotuba ya Majivuno haiongezeki. Taharuki imehama kutoka kwa mshtakiwa hadi kwa mshtaki.

Mizani ya Sheria

Sasa tuje kwenye swali la yule msichana. Ili nisizungumze kwa kubahatisha, niliwachukua wanafunzi wachache tukapanda matatu kupitia Bumala hadi Mahakama ya Busia, tukaketi nyuma na kusikiliza. Kesi zetu husikilizwa hadharani, na haki hiyo imo katika Ibara ya 50 ya Katiba ya mwaka 2010. Ukitaka kuwafundisha wanafunzi riwaya yoyote yenye kesi, nakushauri uende nao. Hakuna mwongozo wa mwalimu unaoweza kuchukua nafasi ya asubuhi moja mahakamani.

Jambo la kwanza tuliloliona ni utaratibu. Kesi ya jinai nchini Kenya hufuata hatua zilizowekwa na Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75. Kwanza kuna hati ya mashtaka. Haitoshi kusema mtu ni mbaya. Hati hutaja kosa lenyewe, kifungu cha sheria kilichovunjwa, na maelezo ya lini, wapi na namna gani. Mshtakiwa husomewa hati hiyo kwa lugha anayoielewa na kuulizwa kama anakubali au anakana. Akikana, upande wa mashtaka ndio unaoanza. Huita mashahidi wake, nao huapishwa, hueleza waliyoyaona, kisha huulizwa maswali na mshtakiwa au wakili wake. Baada ya mashahidi hao, hakimu hujiuliza swali moja zito: je, ushahidi uliotolewa unatosha kumtaka mshtakiwa ajibu? Kama hautoshi, kifungu cha 210 kinamtaka amwachilie, kwa kuwa hana kesi ya kujibu. Mshtakiwa hajasema neno, wala halazimiki kusema.

Ni pale tu hakimu anapoona kuna kesi ya kujibu ndipo mshtakiwa huelezwa haki zake za kujitetea. Anaweza kuapa na kutoa ushahidi, naye ataulizwa maswali. Anaweza kutoa maelezo bila kiapo. Anaweza kunyamaza kabisa. Tena anaweza kuita mashahidi wake.

Tumpeleke Karama katika mahakama ya namna hiyo. Karani anasoma hati ya mashtaka na anakwama mara moja, kwa sababu hakuna kifungu. Kufundisha sheria ni kosa chini ya sheria gani? Katiba yetu inasema mtu hawezi kutiwa hatiani kwa kitendo ambacho hakikuwa kosa kisheria wakati alipokitenda. Tuseme karani amepita hapo. Majivuno anasimama kama kiongozi wa mashtaka na kutoa hotuba yake. Anaketi. Hakimu anamwuliza, "Shahidi wako wa kwanza yuko wapi?" Hana. Maneno ya kiongozi wa mashtaka si ushahidi, hata yakiwa matamu kiasi gani. Hakimu anaandika sentensi mbili na Karama anakwenda zake nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Hakuna siku sita, hakuna Buruhani wala Amini, hakuna riwaya.

Nilipolieleza hili darasani, mvulana mmoja alisema, "Basi mwandishi alikosea." Nilikuwa karibu kukubali. Lakini hebu tusome tena mashtaka. Karama anashtakiwa kwa kufundisha sheria. Ulinzi ambao ungemwokoa siku ya kwanza ni ule ule uliopigwa marufuku. Katika nchi ambayo watu hawajui sheria, hakuna wa kuuliza kifungu kiko wapi, hakuna wa kudai shahidi, na hakuna anayejua kwamba mshtakiwa ana haki ya kunyamaza. Pengo la kisheria katika kesi ya Karama ndilo ushahidi mkuu wa hoja ya Karama. Ungeliziba pengo hilo, ungemwachia Majivuno ushindi, kwa sababu nchi ingekuwa na sheria tayari na mafunzo yasingehitajika. Kwa hiyo linaloonekana kama kosa la mwandishi limebeba dhamira yake.

Mshtaki Aliye pia Mshauri

Pingamizi la pili ambalo wanafunzi hulitoa ni nafasi ya Majivuno. Anawezaje mtu mmoja kuwa waziri, mshtaki na mshauri wa anayehukumu? Kwa macho ya leo hilo ni kichekesho. Kwa macho ya msomaji wa Tanganyika mwaka 1951 lilikuwa jambo la kila siku.

Shaaban Robert alifanya kazi miaka mingi akiwa karani katika idara za serikali ya kikoloni, huko Tanga na kwingineko. Katika utawala ule ofisa wa wilaya alikusanya kodi, alisimamia machifu na pia aliketi kama hakimu. Mahakama za wenyeji ziliendeshwa na machifu na maliwali, yaani watu wale wale waliotoa amri. Sheria ya mwaka 1929 iliziondoa mahakama hizo chini ya uangalizi wa Mahakama Kuu na kuziweka chini ya maofisa wa utawala. Mawakili hawakuruhusiwa kusimama humo. Kwa maneno mengine, Mwafrika wa kawaida aliyeshtakiwa alisimama peke yake mbele ya mtu aliyekuwa mtawala na mwamuzi kwa wakati mmoja. Karama naye hana wakili. Anajitetea mwenyewe mbele ya baraza ambalo mshtaki wake ni mmoja wa wakubwa wake. Huo si udhaifu wa utafiti wa mwandishi. Ni picha halisi iliyovikwa nguo za ngano ili ipite.

Ukitaka kumwonyesha mwanafunzi kwamba kesi ya Karama si ndoto, mpeleke Kapenguria. Mwaka mmoja tu baada ya riwaya kuchapishwa, Jomo Kenyatta alikamatwa usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952. Yeye pamoja na Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko walishtakiwa kwa kuongoza chama haramu cha Mau Mau. Kesi haikuendeshwa Nairobi bali Kapenguria, katika chumba cha darasa, na mawakili wa utetezi wakiongozwa na D. N. Pritt walilazimika kulala Kitale na kusafiri kwenda na kurudi. Hakimu alikuwa Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyeteuliwa kwa kazi hiyo.

Kwa sura, Kapenguria ilikuwa na kila kitu ambacho Kusadikika haina. Palikuwa na hati ya mashtaka, mashahidi, viapo, maswali ya mawakili, hata ombi la kusema washtakiwa hawana kesi ya kujibu. Thacker alilikataa ombi hilo. Tarehe 8 Aprili 1953 aliwahukumu wote sita kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Shahidi muhimu, Rawson Macharia, aliyesema kwamba alimwona Kenyatta akilisha kiapo mwaka 1950, aliapa mwaka 1958 kwamba ushahidi ule ulikuwa wa uongo na kwamba alikuwa ameahidiwa malipo. Rufaa ya Achieng' Oneko ilikubaliwa, lakini hakuachiliwa. Aliendelea kuwekwa kizuizini.

Tunajifunza nini kuhusu riwaya yetu? Kwamba hatua za kisheria peke yake hazihakikishi kesi ya kweli. Kapenguria ilizifuata hatua na uamuzi ukatoka pale ulipokusudiwa kutoka. Kusadikika haizifuati hatua, lakini inatwambia waziwazi jambo ambalo hatua zinaweza kulificha: yote yanategemea anayehukumu kama yuko tayari kusikia.

Hadithi Sita kama Kesi za Awali

Kuna jambo moja ambalo Karama anafanya kama wakili hodari, na sijaona tukilisisitiza madarasani. Hadithi zake sita huonekana kuwa nje ya mada. Ameshtakiwa kwa kufundisha, naye anazungumza juu ya safari za watu wengine. Hakimu wa leo angemkatiza, kwa sababu ushahidi unaokubaliwa ni ule unaohusu jambo linalobishaniwa. Baba wa yule msichana alikatizwa kwa kanuni hiyo hiyo.

Lakini zisome hadithi zile kwa njia nyingine. Mawakili hutumia kesi zilizokwisha kuamuliwa ili kuielekeza mahakama. Wakishasema "mahakama hii iliamua hivi katika kesi ya fulani", hakimu hawezi kuzipuuza bila kueleza sababu. Karama anafanya vivyo hivyo kinyumenyume. Anataja kesi sita za baraza lile lile, anaonyesha kwamba katika kila moja mtu mwema alifungwa bila kosa, kisha anaacha swali likining'inia: je, mnataka ya saba? Wajumbe bado wako hai gerezani. Hadithi si ngano za kale, ni mafaili ambayo mfalme anaweza kuagiza yaletwe.

Hata mwisho wa riwaya una mfano wake katika sheria. Mfalme hamwachilii Karama peke yake. Anarudi nyuma na kuzirekebisha hukumu za wajumbe. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ina mamlaka ya kuitisha kumbukumbu za kesi iliyoamuliwa na mahakama ya chini na kuchunguza kama uamuzi ulikuwa wa haki, hata kama aliyefungwa hakukata rufaa. Wanafunzi wengi huuona mwisho huu kama bahati njema ya ngano. Ukiusoma kisheria ni matokeo ya hoja: aliyezikubali kesi za awali kuwa makosa hawezi kumwachilia wa saba na kuwaacha sita ndani.

Lisilosadikika

Basi ni kipi kisichokuwa cha kweli? Ni saa. Pale Busia tuliketi tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kesi nyingi zilitajwa tu na kupewa tarehe nyingine. Shahidi mmoja hakufika, na kesi ikaahirishwa. Kila sentensi ilipita kwa mkalimani, kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, kutoka Kiswahili hadi Kiteso, kisha ikarudi. Hakimu aliandika, wote wakamsubiri aandike. Mshtakiwa mmoja alianza kueleza maisha yake na akaombwa kwa upole azungumzie siku ya tukio. Wanafunzi wangu walitarajia kelele na machozi kama katika filamu. Walichokiona ni subira na karatasi.

Mahakama ya kweli huichosha taharuki kwa kuahirisha. Mwandishi wa riwaya hana budi kukata, na Shaaban Robert amekata kwa kisu kikali: hakuna mashahidi, hakuna mkalimani, hakuna tarehe nyingine. Kati ya vyote hivyo, alichokiongeza ni kimoja tu, nacho ni mfalme anayeketi siku sita mfululizo akimsikiliza mshtakiwa asiye na wakili mpaka amalize. Hicho ndicho nisichokiona mahakamani, wala wanafunzi wangu hawakukiona, wala baba yule hakukipata. Na ukikiondoa, taharuki yote inaanguka, maana tumekwisha kukubaliana kwamba tunachosubiri katika riwaya hii ni sikio la mfalme.

Matumizi Darasani

Tuliporudi, niliwagawa wanachama katika makundi mawili. Kundi la kwanza liliigiza kesi ya Karama kama ilivyo. Kundi la pili liliigiza kwa kufuata Sura ya 75. Igizo la pili lilichukua dakika kumi na moja, na Karama akaachiliwa kwa kukosa kesi ya kujibu. Darasa lilishangilia, kisha likanyamaza. Mmoja akasema, "Lakini wale wajumbe bado wako ndani." Ni kweli. Njia ya sheria ilimwokoa Karama na kuwasahau Buruhani na wenzake, kwa sababu hakuna aliyewataja. Njia ya riwaya ni ndefu na haina kifungu hata kimoja, lakini iliwafungua wote saba. Sikuwa nimelifikiria hilo kabla mwanafunzi hajalisema.

Ukilijaribu zoezi hili, angalia makosa mawili. Kwanza, wanafunzi watataka kumfanya Majivuno mjinga. Usiwaruhusu, kwa sababu mshtaki mjinga huua taharuki. Pili, watataka mfalme aonyeshe huruma mapema. Mwambie mwigizaji asionyeshe chochote usoni hadi siku ya sita. Mara moja utaona wale wanaorukaruka kurasa wakinyoosha shingo.

Hitimisho

Nilimrudia yule msichana na jibu. Nilimwambia kwamba mwandishi aliijua korti, ila aliandika juu ya kitu kimoja ambacho korti za wakati wake hazikuwa nacho, akakifanya nguzo ya kitabu kizima. Nikamweleza pia kwamba Katiba yetu inampa mshtakiwa haki ya kuwa na wakili, na kwamba serikali inapaswa kumpa mmoja pale ambapo kumkosa kutaleta dhuluma kubwa.

Alifikiri kidogo. "Baba hakuambiwa hivyo," akasema. "Au aliambiwa kwa lugha ambayo hakuielewa."

Kisha akaniuliza kama anaweza kwenda na kitabu nyumbani mwisho wa muhula, ili amsomee. Nilimpa nakala yangu. Imerudi ikiwa na alama ya penseli katika ukurasa mmoja tu, pale Karama anapoomba siku sita.